Maneno marefu chini ya barua pepe yanamlinda nani?

Ingia steshenari yoyote mjini Kasulu siku ya kazi, uombe kuchapiwa barua pepe iliyotoka kwenye shirika la misaada. Utapewa karatasi mbili, pengine tatu. Ujumbe wenyewe una mistari minne: salamu, aina ya bidhaa, kiasi, na tarehe ya kufikisha mzigo. Kilichojaza karatasi ni maandishi madogo ya Kiingereza yanayosema kwamba ujumbe huu ni siri, kwamba umekusudiwa mlengwa peke yake, kwamba aliyeupokea kwa makosa aufute mara moja na asiunakili, kwamba maoni yaliyomo ni ya mwandishi wala si ya taasisi, na kwamba hakuna lolote humu linaloweza kuhesabiwa kuwa mkataba. Watu watano wakijibizana, maandishi hayo yanajirudia mara tano. Hakuna anayeyaandika: mtambo wa barua pepe wa ofisi huyabandika wenyewe kila ujumbe unapotoka.

Biashara kati ya Kasulu na Kibondo hutegemea sana barua za namna hii. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, na ile ya Nduta wilayani Kibondo, iliyofunguliwa tena mwaka 2015, zilileta mashirika mengi kwenye miji hii miwili, na mashirika hununua. Hununua maharage, nguzo, mabati na mafuta ya jenereta. Hukodi malori na nyumba. Ombi la bei huja kwa barua pepe, nukuu ya bei hurudi kwa njia hiyo hiyo, na si ajabu mfanyabiashara kuanza kukusanya mzigo kabla hati ya agizo la manunuzi, ambayo kila mtu huiita LPO, haijasainiwa. Wenye kampuni ndogo nao wameiga. Duka lenye wafanyakazi watatu linatuma bei ya misumari, na chini yake aya nzima ya vitisho vya kisheria iliyonakiliwa kutoka kwa mteja.

Aya hiyo ina nguvu gani mbele ya hakimu? Kwa sehemu kubwa, haina. Huwezi kumtwika mtu wajibu ambao hakuukubali kwa kumwandikia tu kwamba anao. Lakini ndani ya maneno hayo mengi yamo machache yenye kazi halali, nayo ni yale yanayoeleza mipaka ya mtumaji mwenyewe na kumfikia mpokeaji kabla hajaamua.

Kunyamaza si kukubali

Mahakama zilishalizoea tatizo hili kabla barua pepe haijazaliwa. Mwaka 1862, Uingereza, mzee mmoja aliyeitwa Felthouse alimwandikia mpwa wake kuhusu farasi: nisiposikia neno kutoka kwako, nitamhesabu kuwa wangu kwa bei ya pauni 30 na shilingi 15. Mpwa hakujibu. Baadaye dalali aitwaye Bindley akamuuza farasi huyo kwa makosa, mzee akamshtaki akidai ni mali yake. Alishindwa. Mahakama ilisema huwezi kumwekea mtu sharti la kwamba ukimya wake ni kukubali.

Kesi ya pili ni ya mwaka 1949. Bibi Olley alipanga hoteli, akalipa mapokezi, kisha akapanda chumbani. Ndani ya chumba lilibandikwa tangazo kwamba hoteli haiwajibiki kwa mali ya mgeni itakayoibwa. Makoti yake ya manyoya yakaibwa kweli, hoteli ikajitetea kwa tangazo lile. Mahakama ya Rufani ikalikataa: mkataba ulikwisha kufungwa pale mapokezi, na sharti lililoonekana baadaye halikuwa sehemu yake.

Hukumu za Uingereza za wakati huo hazizilazimishi mahakama za Tanzania, ila mawakili wetu huzitaja kwa kuwa kanuni zake zinaoana na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo msingi wake ni ridhaa huru ya pande zote. Sasa angalia kanusho la chini ya barua pepe kwa kipimo hicho. Mpokeaji amekwisha kuusoma ujumbe ndipo anakuta, chini kabisa, kwamba hakupaswa kuusoma. Anaambiwa ana wajibu wa kufuta, kutonakili na kutosambaza. Yeye na mtumaji hawajawahi kukubaliana lolote. Sauti ya tangazo la Bibi Olley na barua ya mzee Felthouse zimo humo zote mbili.

Maharage tani 20

Tuchukue mfano wa kubuni, wa aina inayoweza kutokea wiki yoyote. Mfanyabiashara wa Kasulu anaombwa bei ya maharage na shirika lenye ofisi Kibondo. Anajibu: shilingi 2,400 kwa kilo, mzigo ukiwa ghalani. Jumatatu afisa ugavi anaandika: "Bei yako imekubaliwa. Leta tani 20 ghala la Nduta Ijumaa asubuhi." Jumla ni shilingi milioni 48. Chini ya ujumbe kuna kanusho la kawaida, pamoja na ile sentensi kwamba barua pepe hii haiundi mkataba. Mfanyabiashara ananunua maharage Heru Juu na vijiji vya jirani, analipa wabebaji, anakodi lori. Alhamisi jioni anaandikiwa kwamba mfadhili amesitisha fedha, LPO haitatoka, na kwa vyovyote vile shirika halikuwa limefungwa na chochote: tazama maneno ya chini.

Jambo la kwanza atakaloulizwa wakili wa shirika si kanusho. Ni kama barua pepe inaweza kufunga mkataba. Hilo lina jibu tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015: mkataba unaweza kufanywa kwa njia ya kielektroniki, na ujumbe haupotezi nguvu yake kisheria kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Bei ilitolewa, bei ikakubaliwa bila kuongezwa sharti jipya, kiasi, mahali na siku vikatajwa. Mambo yote ya msingi yamo.

Hapo ndipo kanusho linapopimwa, na linapimwa dhidi ya ujumbe wenyewe. Mstari wa juu unasema "leta tani 20 Ijumaa", wa chini unasema "hatujasema kitu". Mmoja umeandikwa na mtu kwa ajili ya shughuli hii, mwingine umebandikwa na mtambo hata kwenye mwaliko wa chai ya kuagana. Hakimu atauliza mtu mwenye busara aliyeusoma ujumbe ule angeelewa nini. Ataangalia pia mwenendo. Kama mara tatu zilizopita mzigo ulipelekwa kwa agizo la barua pepe, LPO ikafuata baadaye na malipo yakatoka, shirika lenyewe ndilo lililomfundisha mfanyabiashara kwamba barua pepe inatosha.

Lakini hadithi inageuka kabisa tukibadilisha karatasi moja. Tuseme ombi la bei la kwanza lilikuwa na sharti kwenye ukurasa wa kwanza, kwa maandishi ya kawaida: "Hakuna mzigo utakaopokelewa wala kulipwa bila LPO iliyosainiwa na mkuu wa ofisi." Na tuseme mara zote zilizopita sharti hilo lilifuatwa. Sasa mfanyabiashara yuko pabaya. Alijua kabla ya kutaja bei kwamba afisa ugavi hana mamlaka ya kufunga mkataba, naye akaamua kununua maharage kwa kubahatisha. Sharti hili na lile la chini ya barua pepe yanasema karibu jambo lile lile. Tofauti ni kwamba hili lilifika mapema, lilihusu shughuli hii, na liliheshimiwa na aliyeliandika.

Kwa hiyo mfanyabiashara asipoteze muda kubishana na maandishi madogo. Akafungue ombi la bei alisome tena, kisha atafute LPO za nyuma alinganishe tarehe zake na tarehe za hati za kupokelea mzigo. Kesi yake imo humo. Na azihifadhi barua pepe zenyewe ndani ya akaunti, asitegemee picha ya skrini. Mahakama ikipima ushahidi wa kielektroniki huangalia ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na jinsi mtumaji anavyotambulika, na sehemu kubwa ya habari hizo haionekani kwenye picha.

Ngao inapogeuka sahihi

Wako wanaodhani kwamba kanusho lisipofaa, basi angalau halidhuru. Kesi moja ya mwaka 2019, Neocleous dhidi ya Rees, inatoa onyo. Pande mbili zilikuwa zikigombania kipande cha ardhi kando ya ziwa Windermere, kaskazini mwa Uingereza. Mawakili wakaelewana kwa barua pepe kwamba kiuzwe kwa pauni 175,000. Sheria ya huko inataka mkataba wa ardhi uwe na sahihi. Upande mmoja ukasema haukusaini: jina la wakili lililokuwa chini ya ujumbe liliwekwa na kompyuta yenyewe, kama linavyowekwa kwenye kila ujumbe. Mahakama ikasema hiyo ni sahihi. Mtu fulani alipanga mtambo uweke jina lile, wakili alijua litawekwa, na aliutuma ujumbe hivyo.

Kwa hiyo sehemu ile ya chini, iliyopangwa kumkinga mtumaji, ndiyo iliyomfunga. Mahakama ilitilia maanani jina na cheo kwa sababu hivyo ndivyo watu wanavyoonyesha kwamba ujumbe ni wao. Mwaka mmoja baadaye, katika kesi ya Joanne Properties, Mahakama ya Rufani ya huko huko ilitazama mazungumzo ya mawakili waliokuwa wameandika bayana, katika barua za makubaliano hayo hayo, kwamba hakuna upande unaofungwa mpaka mkataba rasmi usainiwe. Hapo maneno yalishinda. Yaliandikwa na watu wanaojadiliana, juu ya jambo wanalojadiliana, na kila upande ulijua maana yake.

Anayetaka kujadili bila kufungwa, basi, aandike hivyo kwa mkono wake juu ya ujumbe husika: "Haya ni mazungumzo tu, hatufungwi mpaka mkataba usainiwe." Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko aya kumi zinazojibandika.

Orodha iliyokwenda kusikotakiwa

Kinga ya pili inayotegemewa ni ya siri. Mtumishi anaandika herufi mbili za mwanzo, kompyuta inamalizia anwani, ujumbe unakwenda. Badala ya mwenzake wa ofisi ya Kasulu, umempata muuza vipuri mwenye jina linalofanana. Kiambatisho ni orodha ya familia, namba za kadi za mgao, umri wa watoto na wagonjwa wanaohitaji chakula maalumu.

Kanusho linamwambia muuza vipuri afute. Akiwa mwungwana atafuta, na hiyo ndiyo faida pekee: linamweleza mtu mwema la kufanya. Je, sheria inamgusa akiamua kuisambaza? Huenda inamgusa, lakini si kwa sababu ya kanusho. Kanuni ya kutunza siri, kama ilivyopangwa katika kesi ya Coco dhidi ya Clark ya mwaka 1968, huuliza mambo matatu: habari yenyewe ni ya siri kweli? Ilimfikia mtu katika hali inayomfanya ajue ni siri? Ameitumia bila idhini? Orodha ya wagonjwa ni siri kwa sura yake. Anayeifungua anajua hivyo hata isipoandikwa. Tangazo la mkutano wa kesho haliwi siri hata likiandikwa mara mia. Na ofisi inapobandika neno "siri" kwenye kila kitu, imejinyima njia ya kumwambia mpokeaji kipi hasa ni siri.

Zaidi ya hapo, mzigo wa kisheria unabaki kwa mtumaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na usalama wake ukivunjika aijulishe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa. Taarifa za afya na za watoto zimo katika kundi linalohitaji uangalifu wa ziada. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yana kinga zao na sera zao za ndani, lakini asasi ya Kitanzania, kampuni ya ulinzi, zahanati au msambazaji wa Kibondo hana pa kujificha. Hakuna mahali sheria hiyo inaposema kwamba aliyeandika "ukipokea kwa makosa futa" ametimiza wajibu wake.

Kinachosaidia kinafanyika kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma. Faili lenye majina lifungwe kwa nywila, na nywila ipelekwe kwa simu, si kwa barua pepe ile ile. Zima ule umaliziaji wa anwani kwenye kompyuta zinazoshika orodha. Weka ucheleweshaji wa dakika moja au mbili kabla ujumbe haujaondoka. Makosa mengi ya anwani mtu huyaona sekunde chache baada ya kutuma. Na likishatokea, piga simu kwa aliyeupokea, mwombe kwa heshima afute na akuandikie kwamba amefuta, kisha mweleze msimamizi wa taarifa siku hiyo hiyo. Uthibitisho huo wa maandishi una thamani mbele ya Tume. Kanusho lililojibandika halithibitishi kwamba mtu yeyote alifanya lolote.

Aya hizi zilitoka wapi

Nyingi zilianza kama hofu ya fani moja, zikasambaa kwa kuigwa. Marekani mwaka 2005 kanuni za mamlaka ya kodi ya huko, zinazojulikana kama Circular 230, ziliwafanya washauri wa kodi waone usalama wao ni kubandika onyo chini ya kila barua pepe kwamba ushauri uliomo hauwezi kutumika kukwepa adhabu. Punde onyo hilo likawa hata kwenye ujumbe wa kupanga chakula cha mchana. Mwaka 2014 mamlaka iliifuta kanuni iliyolizaa na kuwaeleza washauri kwamba onyo lile halihitajiki tena. Bado linaonekana hapa na pale, kwa sababu aliyelibandika alikwisha kuhama na hakuna anayethubutu kuliondoa.

Mawakili nao wana sababu yao. Mawasiliano ya wakili na mteja wake yanalindwa na Sheria ya Ushahidi, na alama ya "siri ya wakili na mteja" juu ya barua husika humsaidia karani asiiweke kwenye jalada lisilo lake. Ila ulinzi unatokana na uhusiano wao, hautokani na alama. Mwaka 2007 huko New York, daktari mmoja aliyemshtaki mwajiri wake, hospitali ya Beth Israel, alimwandikia wakili wake kwa barua pepe ya hospitali hiyo hiyo, ambayo sera yake ilisema watumishi hawana faragha humo. Barua za wakili zilikuwa na onyo la siri. Mahakama ilikataa kwamba onyo hilo peke yake linatosha kuzikinga.

Ya kubaki na ya kufuta

Kwa kampuni ya Kasulu au Kibondo, mambo yanayostahili nafasi chini ya kila barua pepe ni machache. La kwanza ni utambulisho: jina kamili la kampuni kama lilivyosajiliwa BRELA, namba ya usajili, mahali ofisi ilipo na simu ya mezani au ya ofisi. Uingereza iliwalazimisha wenye kampuni kuweka habari hizi kwenye barua pepe tangu Januari 2007. Hata pasipo na shuruti, mteja anayetaka kukukagua kabla ya kukutumia malipo ya awali atazihitaji.

La pili ni mpaka wa mamlaka, kama kweli upo na mnaufuata. Uandikwe kwa lugha anayoisoma mteja, na urudiwe kwenye ombi la bei na kwenye profoma, mahali unapoonekana mapema. Kama ofisi yako hupokea mizigo kwa simu na barua pepe kila mwezi, usiweke sentensi hiyo. Siku ya kesi itakuumbua.

La tatu ni onyo la akaunti ya benki. Matapeli huingia katikati ya mazungumzo ya barua pepe na kuandika kwamba akaunti ya malipo imebadilika. Sentensi inayosema "Hatubadilishi akaunti kwa barua pepe; ukiambiwa hivyo, tupigie kwanza kwa namba unayoijua" humpa mhasibu wa upande wa pili sababu ya kusita. Na ikiwa ililetwa kwake mara nyingi kabla ya wizi, itakuwa vigumu kwake kusema hakuonywa. Katika yote yanayobandikwa chini ya barua pepe, hili ndilo linaloweza kuokoa fedha.

Ukiyaweka pamoja, unapata kitu cha namna hii:

> Jina la kampuni, namba ya usajili, Kasulu, simu ya ofisi.
> Agizo la ununuzi ni halali likiwa na LPO iliyosainiwa.
> Hatubadilishi akaunti ya benki kwa barua pepe. Tupigie kwanza.

Mistari mitatu, nayo inasomeka kwenye simu bila kuburuza kidole. Mengine yote yaondoke chini na yaandikwe juu siku yanapohitajika: "siri" kwenye ujumbe wenye siri, pamoja na maelezo ya nani aruhusiwe kuuona, "bila kuathiri haki zetu" kwenye barua ya kutafuta suluhu ya deni, "hatufungwi mpaka tusaini" kwenye mazungumzo ya bei.

Kwa anayesita kufuta aya iliyorithiwa, kuna kipimo rahisi. Chukua kila sentensi uulize inamwambia nani afanye nini, na ni nani aliyekubali. Ikiwa inampa amri mtu ambaye hamjakubaliana kitu, ifute. Ikiwa inaeleza jambo lako wewe ambalo unalifuata hata pasipo barua pepe, iache, na uhakikishe imo pia kwenye ombi la bei na kwenye LPO, kwa kuwa hizo ndizo karatasi zitakazofunguliwa kwanza mahakamani.